Tumpe, kuhusu ile sura yako ya mbinu

Tumpe, ugonile!

Huku Iringa baridi inang'ata, ila wote wazima. Mama Jose anakusalimu na anaulizia mchele wake wa Kyela, hilo mtamalizana wenyewe.

Sura nimeisoma, na ile "kwa nini?" ya msimamizi kila pembeni nimeiona. Ana haki, dada. Kurasa za mwanzo unafundisha maana ya data za msingi na za upili, zifute. Anachotaka kujua ni kwa nini habari ya watu wa Isimani kuhamishiwa vijiji vya ujamaa haiandikiki bila jalada, gazeti na mzee.

Mwonyeshe kwa tarehe. Mzee akisema, "Tulihama baada ya Klerruu kuuawa, kabla ya njaa ya yanga," hajataja mwaka, lakini amekupa mipaka: Dk. Klerruu, mkuu wa mkoa wetu wa Iringa, aliuawa Krismasi ya 1971, na yanga, yale mahindi ya njano, ililiwa katikati ya miaka ya sabini. Ndani ya mipaka hiyo, jalada linaweza kukupa amri yenyewe na siku iliyosainiwa, na gazeti likakupa siku ilipotangazwa. Kama nyumba ilivunjwa kabla ya tangazo, hapo umepata jambo la kuandika.

Sasa mapungufu, maana umeyaruka. Uhuru lilikuwa gazeti la TANU, na Daily News, tangu 1972, la serikali. Likiandika kwamba wananchi wamehama kwa shangwe, huo si ushahidi wa shangwe. Ni ushahidi wa kile wakubwa walitaka kiaminiwe wiki ile. Hata ripoti ya wilaya kwenda mkoani isome hivyohivyo, kwa kuwa aliyeiandika alipimwa kwa idadi ya waliohama. Na angalia: gazeti likinukuu ripoti hiyohiyo, hivyo si vyanzo viwili. Ni kimoja kilichovaa mashati mawili. Ndiyo maana sentensi yako ya "vyanzo vitatu vinaongeza uhakika" imepigiwa mstari mwekundu.

Upande wa mahojiano, umeandika wazee "walichaguliwa kwa msaada wa uongozi wa kijiji". Mwenyekiti atakupeleka kwa mabalozi wa zamani, na wote watakusimulia mafanikio. Ongeza milango mingine: kanisani, msikitini, kwa wajane, kwa waliorudi mahame. Kisha sema wazi kwamba aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 alizaliwa 1954, hivyo wengi unaowahoji walihama wakiwa watoto au vijana, si wenye kaya. Hilo linabadilisha unachoweza kuwauliza.

Halafu majalada uliyoomba Nyaraka za Taifa ukaambiwa hayaonekani, yaorodheshe kwenye kiambatisho: namba, tarehe uliyoomba, jibu. Usipofanya hivyo, mtahini atadhani hukuyatafuta.

Sasa nijibu: Uhuru umesoma miezi ipi, na kwa nini hiyo? Matoleo yaliyokosekana umeyaandika? Wanawake ni wangapi kati ya uliowahoji? Kanda za Kihehe nani anakutafsiria? Na lini unashuka huku, au hadi mahindi yavunwe?

Wako,
Neema