Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: ezetimibe kwanza, sindano baadaye

Ndugu Mganga Mkuu,

Tunakuandikia sisi wa kliniki na famasia kuhusu wagonjwa waliokwisha kupata shambulio la moyo, wakatibiwa Dar es Salaam, kisha wakarudi Mtwara, Masasi au Newala na karatasi yenye lengo la LDL, ile lehemu mbaya ya damu, chini ya 1.4 mmol/L. Wengi hurudi na statini peke yake, yaani kidonge cha kawaida cha kushusha lehemu, na baada ya hapo mambo huishia hapo. Ombi letu ni dogo kuliko watu wanavyodhani: ezetimibe, kidonge cha pili cha kushusha lehemu, iwepo, na kipimo cha LDL kirudiwe kwa wakati. Sindano za kushusha LDL ni hatua ya mwisho, na si za kila mtu.

Chukulia mgonjwa aliyeanza na LDL ya 4.4. Atorvastatini, mojawapo ya statini, mg 40 kila siku huishusha karibu nusu, yaani hadi 2.2 hivi. Hapo ndipo kosa la kawaida hutokea: dozi inapandishwa hadi mg 80 na watu wanasubiri LDL ishuke tena kwa nusu. Haishuki. Kila unapoirudufu dozi ya statini unaongeza takriban asilimia 6 tu. Sababu ni kwamba statini hulifanya ini liongeze vipokezi vinavyonasa LDL kwenye damu, lakini papo hapo huongeza protini iitwayo PCSK9, ambayo huvipeleka vipokezi hivyo kuharibiwa. Dawa inajifunga breki yenyewe.

Kwa hiyo mgonjwa huyu yuko kwenye 2.1 hivi, bado mbali. Ezetimibe mg 10, kidonge kimoja kwa siku, haifanyi kazi kwenye ini bali kwenye utumbo, inazuia lehemu isifyonzwe. Hupunguza takriban asilimia 20 hadi 25 ya kilichobaki, akafika 1.6. Angeanza na 3.4, statini ingemfikisha 1.7 na ezetimibe 1.3, sindano isingehitajika kabisa. Wa namna hiyo si wachache, na wanakosa lengo kwa sababu ya kidonge kimoja kisichokuwepo dirishani.

Huyu wa 1.6 ndiye wa sindano. Evolokumabu mg 140 huchomwa chini ya ngozi kila wiki mbili. Inaikamata PCSK9 yenyewe na kushusha LDL kwa takriban asilimia 60, hadi 0.6 au 0.7. Statini na ezetimibe haziachwi. Tatizo letu ni joto. Sindano hii hukaa nyuzi 2 hadi 8. Ikitolewa kwenye friji hudumu siku 30, mradi joto lisizidi nyuzi 25, na mchana wa Mtwara unazidi hapo bila shida. Ikiganda, itupwe. Kwa mgonjwa wa kijijini Tandahimba asiye na friji, sindano nyingine, inklisirani mg 284, inaeleweka zaidi: haihitaji friji, huchomwa na mhudumu siku ya kwanza, baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita. Bei ya zote mbili ni kubwa, ndiyo maana hatutaki apewe mtu ambaye hajamaliza vidonge.

Na hajamaliza mara nyingi kuliko inavyoandikwa kwenye faili. LDL ikigoma kushuka, kabla ya kupandisha chochote, hesabuni vidonge vilivyobaki. Msimu wa korosho ukiisha na fedha za mnada zikaisha, kuna wanaokatiza kidonge siku moja moja ili kiende mbali. Anayelalamika misuli inauma apimwe kreatini kinase, kimeng'enya kinachoonyesha misuli kuumia, asiachishwe dawa kwa maneno tu.

Jambo la maabara linahitaji neno moja zaidi. LDL nyingi tunazopokea hazijapimwa. Zimekokotolewa: lehemu yote, toa HDL ambayo ni lehemu nzuri, toa mafuta ya trigliseridi yakigawanywa kwa 2.2. LDL ikiwa ndogo na trigliseridi zikiwa juu, hesabu hii hudanganya kuelekea chini. Lehemu yote 3.4, HDL 1.0, trigliseridi 3.3: jibu ni 0.9, mgonjwa anapongezwa. Lakini toa HDL peke yake kwenye jumla, unapata 2.4, na lengo la thamani hii ya bila HDL kwa mgonjwa kama huyu ni chini ya 2.2. Hajafika.

Tunaomba, basi, ezetimibe mg 10 iingizwe kwenye maoteo ya dawa ya hospitali za mkoa, na kipimo cha mafuta kirudiwe wiki 4 hadi 6 baada ya kila badiliko la dozi, majibu yakiandikwa pamoja na thamani ya bila HDL. Orodha ya wanaostahili sindano itokane na majibu hayo, na iletwe kwako kila robo mwaka.

Wako katika huduma,
Wahudumu wa kliniki na famasia, Mtwara