Umefungua PIN ya KRA? Ritani nazo zimeanza kuhesabiwa

Dada mmoja alikuja dukani kwetu Julai 2025 akihitaji cheti cha KRA kuonyesha hadaiwi ushuru, maana mwajiri alikuwa anamsubiri. PIN yake aliifungua Oktoba 2021 ili aombe mkopo wa HELB, na hakuwahi kuigusa tena. Hakuwa amepata mshahara hata siku moja, kwa hiyo alijua hana deni. Tulipoingia iTax tukakuta ritani nne hazijawasilishwa: za 2021, 2022, 2023 na 2024. Faini ya mtu binafsi anayechelewa ni angalau shilingi 2,000 kwa kila ritani, hivyo alikuwa anakodolea macho 8,000 kabla ya kulipwa senti ya kwanza.

Hakuna aliyemwambia kwamba PIN huja na wajibu. Mwaka ukiisha, una hadi Juni 30 ya mwaka unaofuata kuwasilisha ritani. Kama hukuwa na mapato yoyote, unachagua `File Nil Return`, kisha `Income Tax - Resident Individual`, unatuma na kuhifadhi risiti. Ni kazi ya dakika chache.

Lakini ritani hiyo si ya kila mtu. Wengi walioajiriwa hutuambia, "Si kampuni hunikata kila mwezi?" Ndiyo, na bado unatakiwa kutangaza mshahara huo kwa kutumia fomu ya P9 unayopewa na mwajiri. Ukituma ya sufuri ilhali mwajiri amekutangaza, umetoa taarifa ya uongo, na KRA wanaziona zote mbili.

Panapotutia hofu zaidi wakati wa kufungua PIN ni kwenye ukurasa wa `Obligation`, unapoweka alama kwenye aina za ushuru utakazodaiwa ritani. Mwaka jana mama mwenye kibanda cha nguo alituletea PIN aliyofunguliwa kwingine, ikiwa imewekwa alama ya VAT. Mauzo yake hayakukaribia milioni 5 kwa mwaka, kiwango kinachomlazimu mtu kujisajili VAT. Ila alama ikishawekwa, ritani inadaiwa kila mwezi kufikia tarehe 20, hata usipouza kitu, na ukikosa faini huanzia 10,000 kwa mwezi. PAYE nayo ni ya mwenye wafanyakazi anaowakata ushuru. Wewe uliyeajiriwa usiiguse. Kuondoa alama iliyowekwa kimakosa huhitaji ombi lipitiwe na afisa, na wakati unasubiri ritani zinaendelea kudaiwa.

Kwa hiyo ukija kwetu tutakuuliza kwanza unapata wapi riziki, ndipo tujaze. KRA hawatozi chochote kwa PIN. Unachotulipa ni huduma yetu. Njoo na kitambulisho na barua pepe unayoweza kuifungua mwenyewe. Hatuweki barua pepe ya duka hata ukituomba, kwa sababu nywila na ilani za KRA hutumwa huko, na siku ukihitaji kuingia utakwama.