Barua ya wazi kwa maafisa mipango na takwimu wapya wa wilaya za korosho

Wanangu,

Marahaba kwa salamu mlizonitumia kupitia mjukuu wangu. Nimesoma rasimu ya wasifu wa wilaya mliyoniletea, na nimesimama kwenye ule ukurasa wenye jedwali la safu tatu: pato la wastani la mtu, umri wa kuishi, na asilimia ya wanaojua kusoma na kuandika. Chini yake mmeandika kwamba wilaya imepiga hatua. Huenda ni kweli. Lakini mimi nimekuwa upande ule takwimu zinakozaliwa, kwanza kama mwalimu wa kisomo na baadaye kama karani wa sensa, na ningependa mjue kila safu ilitoka wapi kabla hamjaipeleka kwenye baraza la madiwani.

Naanza na kusoma, maana hapo ndipo nilipotumia ujana wangu.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na zikateuliwa wilaya sita za kuanza kufuta ujinga: Tanga, Pare, Kilimanjaro, Ukerewe, Mafia na Masasi yetu. Tulifundisha jioni chini ya miembe, wengine katika ghala la korosho. Mwaka 1975 ukaja mtihani wa taifa. Wanakisomo walipangwa kwa hatua, kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Aliyetambua herufi na kuandika jina lake alikuwa bado yuko chini. Hatua ya tatu ilimtaka asome na kuandika sentensi fupi na kufanya hesabu ndogo. Ya nne ilimtaka asome gazeti, aandike barua, atunze hesabu zake. Tuliowahesabu kuwa wamehitimu ni wale wa hatua ya tatu na ya nne.

Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 ilitangazwa kuwa wamebaki chini ya 10. Kisha sensa ya 2002 ikaja na kiwango cha wanaojua cha kama asilimia 70, na ile ya 2012 kama asilimia 78. Kijana mmoja ofisini kwenu aliniuliza, "Mzee, inakuwaje taifa lisahau kusoma?" Swali zuri, na jibu lake lina sehemu mbili ambazo msizichanganye.

Sehemu ya kwanza ni kweli watu walisahau, na wengine hawakufundishwa kabisa. Miaka ya themanini uchumi ulipobana, magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho yalififia, maktaba za vijiji zikafungwa, na aliyehitimu hatua ya tatu akabaki bila kitu cha kusoma. Herufi zisipotumika hupotea. Ada za shule nazo zilirudi, watoto wengi wakabaki nyumbani hadi zilipofutwa tena kwa shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Wale waliokosa darasa mwaka 1990 ndio watu wazima tuliowahesabu mwaka 2002.

Sehemu ya pili ni kwamba kipimo chenyewe kilibadilika. Sisi tulitoa mtihani. Sensa huuliza. Karani anakaa kwenye mkeka, anamwuliza mkuu wa kaya kama fulani anajua kusoma na kuandika, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa vyote viwili, kwa lugha nyingine, au hajui. Mkuu wa kaya anawajibia wote. Nimeona mzee akisema mkewe hajui, kumbe mama yule ndiye mweka hazina wa kikundi chao cha kukopeshana. Nimeona pia kijana akimjibia babaye "anajua" kwa haraka, na mimi nikaandika, kwa sababu dodoso halikunipa ruhusa ya kumpa mzee karatasi asome. Kwa hiyo mtu akiweka asilimia ya 1986 karibu na ya 2002 na kuchora mstari ushukao, amechora mstari kati ya vitu viwili visivyofanana.

Na kuna watu ambao hawakuingia sawasawa katika kipimo chochote. Darasani kwangu alikuja mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, mtu mzima, aliyekuwa akiandikiana barua za Kiswahili na ndugu zake wa Lindi kwa herufi za Kiarabu. Kwa miaka mingi alikuwa ametunza hesabu za mirathi ya watu. Tulimwanzisha hatua ya kwanza, akakaa kimya nyuma, akajifunza a, e, i, o, u. Mpaka leo nikimkumbuka naona haya. Ujinga tulioutafuta kwake ulikuwa wa herufi za Kilatini tu.

Mtakutana na wenye kusema jambo hili limekwisha, maana Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, lililoanza mwaka 1990 kuunganisha pato, umri na kusoma katika kipimo kimoja, liliacha asilimia ya kusoma mwaka 2010 na kuweka miaka ya shule: ile ambayo watu wazima wamekwisha kusoma, na ile ambayo mtoto anayeanza leo anatarajiwa kusoma. Kipimo hicho kipya nacho kina kasoro yake. Miaka saba ya kukaa dawatini haikuambii mtoto alitoka na nini. Watafiti wa Uwezo, mradi unaopima kusoma kwa watoto, wamekuwa wakienda majumbani na hadithi ya kiwango cha darasa la pili mkononi, na wamekuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kuisoma. Hao wote wanahesabika kuwa na miaka ya shule.

Sasa umri wa kuishi. Katika rasimu yenu mmeandika kwamba mwananchi wa kawaida "hufariki akiwa na miaka 61", mkitumia takwimu ya taifa ya sensa ya 2012. Sivyo, na kosa hili nalisikia hata kwa wasomi. Chukueni watoto 10. Wawili wanakufa kabla ya kutimiza mwaka, tuseme kila mmoja akiwa na miezi sita. Wanane wanafika miaka 70. Jumla ya miaka waliyoishi ni 561, na ukigawa kwa 10 unapata 56. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa na miaka 56. Sasa mmoja wa wale wachanga akipona, akafika 70 naye, wastani unaruka hadi 63. Miaka saba imeongezeka, na hakuna mzee aliyeishi siku moja zaidi. Ndiyo maana namba hii inasikia sana chanjo, vyandarua na mkunga, na inasikia kidogo sana hali ya wazee kama mimi tunaopanga foleni ya dawa za presha.

Inasikia pia balaa. Sensa ya 1988 ilitoa miaka 50, ya 2002 ikatoa 51. Miaka kumi na minne, ongezeko la mwaka mmoja. Mnajua ni ugonjwa gani uliokuwa unazika watu wa umri wa kulea watoto. Lakini ujue pia kwamba wastani huo haukuwa utabiri wa maisha ya mtoto aliyezaliwa 2002. Unahesabiwa kana kwamba mtoto huyo atapita kila umri kwa hatari zilezile za mwaka ule, na hatari zile zilipungua dawa za kufubaza virusi zilipowafikia watu.

Na chanzo chake? Vifo vingi vijijini haviandikishwi. Kwa hiyo sensa humwuliza mama amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, na kaya ilipoteza nani katika miezi 12 iliyopita. Kichanga aliyeishi siku tatu na kuzikwa kimya nyuma ya nyumba mara nyingi hatajwi. Mama anameza mate, anasema "wanne", na mimi naandika wanne. Kila asiyetajwa anapandisha umri wa kuishi wa wilaya. Mkiona kata ya mbali, isiyo na zahanati, ina umri wa kuishi mzuri kuliko mjini, msifurahi kwanza. Ulizeni ni nani aliyekwenda kuhoji, na alikaa kwa muda gani.

Kwenye pato nitakuwa mfupi, maana mmesoma uchumi kunizidi. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka nchi yetu katika uchumi wa kati wa chini, kwa pato la dola 1,080 kwa mtu kwa mwaka 2019, wakati mstari ulikuwa dola 1,036. Dola 44 tu juu ya mstari. Kenya mwaka 2014 ilibadili mwaka wa kizio, ule unaochukuliwa kuwa msingi wa hesabu za pato, ikahesabu biashara ambazo awali hazikuonekana vizuri, na pato lake likakua kwa kama robo kwa tangazo moja. Hesabu mpya ilikuwa sahihi zaidi, ila usiku ule hakuna sufuria iliyoongezeka unga.

Kwenye kijiji cha korosho jambo liko hivi. Kaya tisa zinapata milioni moja moja kwa mwaka, na ya kumi ya mfanyabiashara inapata milioni 21. Wastani ni milioni tatu kwa kaya, na hakuna kaya inayopata milioni tatu. Zipangeni kutoka chini kwenda juu, mchukue ya katikati: ni milioni moja. Wekeni namba zote mbili kwenye jedwali, zikae jirani, na diwani ataona mwenyewe pengo. Kumbukeni pia kwamba ugali wa mama ntilie umo katika pato la taifa, na ugali uleule anaoupikia wanawe nyumbani haumo. Magogo yanayokatwa msituni na kuuzwa yanaongeza pato la mwaka, na msitu uliopungua hautolewi popote katika hesabu hiyo.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kuifunga taarifa, chagueni vijiji vitatu na muende msimu wa minada ukifunguliwa mwezi wa kumi. Kaeni kwenye ghala la chama cha msingi. Mkulima akipewa stakabadhi yake ya korosho, mwombeni kwa heshima, baada ya salamu na si mbele za watu, awasomee kilo, daraja, bei na makato, na awaambie anatarajia kulipwa kiasi gani. Andikeni anayeweza na asiyeweza. Kisha muulizeni karani wa sensa wa kijiji alivyowaandika watu haohao. Mkinipa taarifa mapema nitakuja nanyi hadi Lukuledi, mradi mnitafutie kiti cha mbele kwenye gari, maana magoti hayanitii tena.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima, Masasi