Barua ya wazi kwa vijana wangu mnaochumbiana: ule ugomvi wa kwanza

Wanangu wa mtaani, shikamoo zenu zimefika, marahaba. Naandika sababu mnanijia na swali lile lile, shangazi tumegombana kwa mara ya kwanza, sasa huyu ni wangu kweli au niachane nae mapema.

Chukueni kisa cha hawa wawili, wana miezi mitatu tu tangu wafahamiane. Walipanga kuonana Kariakoo saa kumi na mbili jioni, kijana akatokea saa moja na nusu, simu imezima chaji. Binti akampokea na "wewe siku zote hujali watu". Siku zote zipi jamani, miezi mitatu? Kijana akajibu "haya yaishe", akaondoka zake. Usiku binti akamwaga meseji, tiki za bluu anaziona, jibu hamna, na kadiri asivyojibiwa ndo anaongeza, na kadiri anavyoongeza ndo mwenzie anazidi kujifungia. Huyu anaona anadharauliwa, yule anaona anashambuliwa.

Kuchelewa ni kosa la kijana, hilo halina mjadala. Ila mimi naangalia walivyoanza. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa John Gottman, yeye na mwenzie walitoa utafiti mwaka 1999 kuhusu wanandoa wapya, wakakuta dakika 3 za kwanza za mabishano zinaashiria sana nani watakuja kuachana. Binti angesema "nimekusubiri saa nzima na nusu, nikaogopa, ungeazima simu ya mtu", hapo ingezungumzwa ile jioni, sio tabia nzima ya mtu.

Alafu huko kunyamaza, msikuite kiburi haraka. Huyo huyo Gottman anaeleza kwamba mapigo ya moyo yakishapita 100 kwa dakika mtu hata kusikiliza hawezi vizuri, anahitaji angalau dakika 20 za kupoa, na sio kupoa huku unapanga majibu kichwani. Kwahiyo kusema "nimechemka, nakupigia saa tatu" ni sawa kabisa, mradi saa tatu upige kweli. Kununa siku mbili alafu unarudi na "mambo" kama hakuna kilichotokea, hiyo ni adhabu.

Kijana alipiga siku ya tatu, akaligusa jambo mwenyewe, akaomba radhi. Wakaja kugundua kwao kijana baba akifoka kila mtu anakimbilia chumbani, kwao binti wanafokeana alafu wanakula ugali pamoja.

Matusi, vitisho, kunyang'anyana simu au kuinuliana mkono hayo hayamo humu, hiyo sio staili ya kugombana, ondoka. Ila huyu binti nimemwambia asimuache wala asiharakishe posa, asubiri ugomvi wa pili aone kama ile simu itakuja siku hiyo hiyo.

Shangazi yenu.