YAH: Sh. 3,540 zilizokatwa kwa muamala ulioshindwa

Barua nyingi za kuidai benki irudishe makato huanza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi. Kila nikihamisha hela kwenda kwenye simu mnanikata ovyo, naomba mnirudishie." Dai ni la haki, ila anayeipokea hana cha kutafuta kwenye mfumo: siku gani, muamala upi, shilingi ngapi?

Kabla ya kuandika upya, chukua taarifa ya akaunti uilinganishe na SMS zako. Ada ya kutoa hela kwa wakala hukatwa na kampuni ya simu kwenye salio la simu, wala haionekani benki. Ukiichanganya na makato ya benki, utaambiwa nenda kwa watu wa simu, na hata dai lako la kweli litakwama. Kisha andika:

Meneja wa Tawi,
Dodoma.
20/3/2025

YAH: KUREJESHEWA SH. 3,540 ZILIZOKATWA TAREHE 12/3/2025

Ndugu Meneja,

Tarehe 12/3/2025 saa 8:12 mchana nilihamisha Sh. 200,000 kutoka akaunti namba ……… kwenda namba yangu ya simu ……… Hela hazikufika. Saa 8:15 zilirudi kwenye akaunti, lakini ada ya Sh. 3,000 pamoja na VAT yake ya asilimia 18, Sh. 540, hazikurudi. Kumbukumbu namba ya muamala huo ni ………

Saa 8:20 nilihamisha tena, hela zikafika, nikakatwa Sh. 3,540 nyingine. Makato hayo ya pili siyapingi.

Naomba Sh. 3,540 za muamala wa kwanza zirudishwe kwenye akaunti hiyohiyo, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14. Kama mnaona zilikatwa kihalali, naomba mnionyeshe kipengele cha jedwali lenu la ada kinachoruhusu kutoza muamala ambao haukukamilika.

Nimeambatisha taarifa ya akaunti ya siku hiyo, mistari inayohusika nimeizungushia kalamu, na nakala za SMS zote.

Wako mteja,
(jina, sahihi, namba ya simu)

Usiondoe sentensi ya makato ya pili. Bila hiyo, benki inaweza kukujibu kuhusu muamala uliofanikiwa, ikaonyesha ada ni sahihi na kufunga faili. VAT nayo itajwe, maana ukidai ada peke yake unaweza kurudishiwa 3,000 na 540 ikabaki hukohuko. Namba ya siri usiiandike popote.

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Benki Kuu hutaka lalamiko lianzie kwenye benki yako, na nakala hiyo yenye muhuri ndiyo itakayoonyesha kwamba ulianzia huko.