YAH: MLIFUNGA POCHI YANGU YA SIMU, LAINI MKAIACHA WAZI

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Mwanza.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kirumba Mwaloni na ni mteja wenu wa miaka mingi. Namba yangu ya simu na nakala ya ripoti ya polisi nimeziambatanisha.

Siku ya tukio, saa 3 asubuhi, nilikuwa namsomea mnunuzi meseji ya muamala aliponipitia kijana na kuninyakua simu mkononi, ikiwa wazi, haijajifunga. Akapotelea kwenye msongamano wa mikokoteni na magunia. Hapohapo nikaazima simu ya jirani yangu wa meza nikapiga huduma kwa wateja. Mhudumu aliniuliza majina kamili, namba ya NIDA na muamala wangu wa mwisho, nikamjibu vyote. Akasema: "Tayari mama, akaunti yako tumeshaifunga, iko salama." Nikauliza, na laini je? Akajibu kwamba laini inaachwa hewani ili aliyeiokota aweze kupigiwa. Nilimwambia simu haikuokotwa, imeporwa. Akarudia kuwa pesa yangu iko salama.

Pochi kweli ilikuwa salama: Sh 312,000 nilizikuta zote. Lakini jirani alipopiga namba yangu, iliita mpaka ikakata. Laini iliyofungwa haiiti. Nikapiga tena kwenu kuwaambia hivyo, mhudumu wa pili akanipa jibu lilelile.

Nikiwa njiani kwenda tawi la benki, mwizi alikuwa ameshaingia kwenye aplikesheni ya benki. Namba yangu ya siri hakuijua wala hakuihitaji. Afisa wa benki alinionyesha kumbukumbu kwenye kompyuta yake: mtu alibonyeza sehemu ya kusahau nywila, akaulizwa namba ya akaunti na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya akaunti iko kwenye jumbe ninazowatumia wateja wangu wa Kigoma ili wanilipe, na picha ya kitambulisho changu cha NIDA ilikuwemo humohumo. Hata bila picha, namba ya NIDA yenyewe huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mwenye namba hiyo tarehe anayo. Kizingiti cha mwisho kilikuwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji. Benki iliituma, na laini yenu ikaipeleka moja kwa moja mikononi mwa mwizi. Zikahamishwa Sh 1,850,000 kwa mikupuo miwili, hela ya mzigo ambao nilikuwa nimeshakubaliana bei na wavuvi. Benki ikafunga akaunti nilipofika, lakini fedha zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala.

Kumbukumbu za benki zinaonyesha meseji ile ilitumwa baada ya simu yangu ya kwanza kwenu. Hilo ndilo lalamiko langu lote. Mlikuwa mmeshajua simu imeporwa, mlikuwa mmeshathibitisha kuwa mimi ndiye mwenyewe, na kitufe cha kusimamisha laini kilikuwa mbele ya mhudumu wenu. Kufunga pochi kunazuia pesa iliyo kwenu tu. Meseji zinaendelea kuingia, na kila benki, na kila huduma inayomtambua mtu kwa namba yake ya simu, inaendelea kumwamini aliyeishika. Laini ikisimamishwa, hakuna kinachopotea: mwenyewe huja dukani, huweka kidole, akapewa kadi mpya yenye namba ileile. Ndivyo nilivyofanya mimi, na haikuchukua muda.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mnipe kwa maandishi saa na dakika mliyofunga pochi na saa na dakika mliyosimamisha laini. Msikilize rekodi za simu zangu zote mbili, maana mwanzoni mwa simu mnatangaza wenyewe kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Mnirudishie Sh 1,850,000. Na muwaelekeze wahudumu wenu kwamba mteja akisema simu imeibwa, laini na pochi vifungwe kwa pamoja, na asiyetaka laini ifungwe ndiye aombe. Hapa Mwaloni akina mama wengi hawana daftari tena. Mauzo, madeni na akiba vyote viko kwenye simu moja, na wakiporwa watakachopiga ni namba yenu.

Naomba majibu ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka barua hii na viambatisho vyake TCRA Kanda ya Ziwa kwa upande wa laini, na Benki Kuu tawi la Mwanza kwa upande wa fedha.

Wenu mteja,
Mfanyabiashara wa dagaa,
Kirumba Mwaloni, Mwanza.

Nakala: Meneja wa tawi la benki yangu.