Mwanangu, mbwa ndiye aliyeonjeshwa kwanza

Mwanangu mpendwa,

Sura tatu za hadithi yako nimezisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Mganga anampa malkia kichupa cha dawa ya kutokufa, malkia anainywa, na hapo umekwama kwa kuwa hujui atatozwa nini. Umeniandikia kwamba umefikiria asahau watoto wake, au azeeke bila kufa. Hilo la pili Wagiriki wamekutangulia. Eosi, mungu wa mapambazuko, alimwombea mpenzi wake Tithono uzima wa milele, akasahau kumwombea na ujana, hata mzee wa watu akaishia kufungiwa chumbani, hajiwezi kwa lolote, inasikika sauti yake tu. Ni kisa kizuri, ila malipo yake yanatoka nje ya dawa, kama faini ya mahakamani. Mimi ningependa ukitazame kisa ambacho bei ilikuwamo ndani ya dawa yenyewe, na aliyekuwa akiilipa alidhani anapokea.

Kisa hicho ni cha China. Katika lugha yao neno dan lina maana mbili: ni lile jiwe jekundu linalotoa zebaki, na ni dawa ya kutokufa pia. Wewe ulinikimbia darasani ukaenda kusoma fasihi, lakini hapa itabidi univumilie kidogo, kwa maana bila kemia hutaelewa kwa nini watu wenye akili timamu waliamini. Jiwe lile ni zebaki iliyoungana na salfa. Ukilichoma, wekundu unatoweka na inabaki zebaki, maji mazito ya rangi ya fedha yanayokimbiakimbia kama yana roho. Ukiisaga zebaki hiyo pamoja na salfa unapata unga mweusi, na ukiupasha moto ndani ya chombo kilichozibwa, unapanda kama mvuke na kuganda juu, mwekundu kama jiwe lilivyokuwa mwanzo. Ge Hong, mwanachuoni wa karne ya 4, aliliona jambo hilo akalinganisha: majani yakiungua yanakuwa majivu basi, lakini jiwe hili likiungua linageuka, kisha linarudi. Kitu kinachokufa kikarudi, wakafikiri, kikiingia mwilini kitaufundisha mwili kurudi. Wakahesabu na mizunguko. Dawa iliyogeuzwa mara moja ilipaswa kunywewa miaka mitatu ndipo mtu apate kutokufa, na iliyogeuzwa mara tisa ilitosha kwa siku tatu.

Sasa sikiliza hekaya yao, ambayo inahesabiwa miongoni mwa maandishi ya huyo huyo Ge Hong. Wei Boyang alipanda mlimani na wanafunzi watatu na mbwa mweupe, akaipika dawa hadi ikawa tayari. Akasema tumwonjeshe mbwa kwanza. Mbwa akala, akaanguka, akafa. Mwalimu akasema kwamba ameiacha dunia na familia kwa ajili ya njia hii, na anaona aibu kurudi mikono mitupu; akaimeza, naye akafa. Mwanafunzi mmoja akawaza kwamba mwalimu wake si mtu wa kawaida, bila shaka ana siri, akaimeza, akafa. Wawili waliobaki wakatazamana, wakaambizana kwamba dawa inatafutwa ili mtu aishi, na hii inaua, wakateremka mlimani kwenda kutafuta majeneza. Walipokwisha kuondoka, Wei Boyang akainuka, akamtia dawa kinywani yule mwanafunzi na mbwa, wote wakafufuka, wakaenda zao kuishi milele. Njiani walimkuta mkata kuni, wakampa barua ya kuwashukuru wale wawili.

Isome tena polepole. Kwa hekaya hiyo, kufa baada ya kunywa dawa si ushahidi kwamba dawa ni sumu; ni mtihani wa imani, na mwenye akili ya kawaida ndiye aliyefeli. Hakuna tena dalili yoyote inayoweza kumshtua mnywaji. Kipo kitabu kimoja cha wapika dawa hao kinachosema wazi kwamba ukiona uso na mwili unawasha kama wadudu wanautambaa, mikono na miguu ikavimba, na harufu ya chakula ikakuchefua, usiogope, kwa sababu hiyo ni dawa inafukuza maradhi yaliyojificha.

Wewe hukumjua yule mzee tuliyepakana naye Chunya kabla hujazaliwa. Ujana wake wote alikuwa akichoma dhahabu iliyoshikwa na zebaki, kwenye karai, nyuma ya nyumba, uso wake juu ya moshi. Nilipomfahamu hakuweza kushika kikombe bila chai kumwagikia magotini. Alikuwa hapati usingizi, na mkewe alizoea kutuambia kwamba zamani alikuwa mpole. Mvuke wa zebaki hushika neva na akili, na humfanya mtu awe na hasira asizozijua mwenyewe.

Mweke mtu wa namna hiyo kwenye kiti cha enzi uone. Mfalme Xianzong wa ukoo wa Tang alianza kunywa dawa za mpikaji mmoja aitwaye Liu Mi. Mwaka 819 ofisa wake Pei Lin alimwandikia ombi ambalo mimi naliheshimu kuliko vitabu vyote vya wapika dawa: waleta dawa wazinywe wao wenyewe kwanza kwa mwaka mzima, ndipo ukweli na uongo vitajitenga. Mfalme alikasirika, akamshusha cheo na kumpeleka mbali. Hasira zikazidi, watumishi wa ndani wakaadhibiwa hadi kuuawa, hakuna aliyejua leo ni zamu ya nani. Mwanzoni mwa 820 alikutwa amekufa, akiwa na umri wa miaka 42 hivi, na wengi waliamini kwamba waliomuua ni watumishi hao hao waliokuwa wakimwogopa. Mwanawe Muzong akashika ufalme, akaamuru Liu Mi auawe. Kisha naye akaanza kunywa dawa za namna ile ile, akafa mwaka 824 bila kutimiza miaka 30. Hapo niliweka kitabu chini, nikatoka nje kidogo.

Wuzong, mwana wa Muzong, alifuata mkondo huo huo. Alipodhoofika na furaha yake kugeuka ghadhabu ndani ya saa moja, makuhani walimweleza kwamba anabadilishwa mifupa. Mwaka 846 alifika mahali hawezi tena kusema, akafa.

Kwa hiyo malkia wako, nakuomba, usimtafutie laana. Mwache anywe na apate nafuu siku za kwanza, mashavu yawe mekundu. Halafu kidole kianze kutetemeka, na mganga amwambie kwa unyenyekevu kwamba ndiyo dalili tuliyokuwa tukiingojea, mama. Msichana wake wa ndani, yule uliyempa mistari miwili tu katika sura ya pili, ndiye atakayeona kwamba kikombe kinamwagika kila asubuhi zaidi ya jana. Ningemwongezea maneno huyo. Na wale wanafunzi wawili waliokwenda kutafuta majeneza ningewatafutia nafasi pia, maana hekaya haisemi walifanya nini baada ya kupokea barua, wala kama waliyalipia.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama blanketi lilifika.

Baba yako